Unalipa kila mwezi, lakini umefunga mkataba wa mwaka

Ukifika kwenye ukurasa wa kununua Photoshop, kabla ya kuandika namba za kadi utaulizwa unataka kulipa vipi. Chaguo la kwanza, ambalo mara nyingi utalikuta limeshawekewa alama, husomeka "Annual, billed monthly". Kuna jingine linaloitwa "Monthly", ambalo bei yake ni kubwa zaidi. La tatu ni la kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mnunuzi mwenye haraka, ambaye ana kazi ya mteja mezani, huangalia namba iliyo ndogo kuliko nyingine, huona neno "mwezi" mahali fulani karibu nayo, kisha hubonyeza. Hapo ndipo wengi wanapofunga mkataba wa miezi 12 huku wakiamini wamenunua mwezi mmoja.

Sisi huku tuna sababu ya ziada ya kukosea. Karibu kila huduma tunayolipia kidogo kidogo tumezoea kuilipia kabla. Umeme wa LUKU ukiisha, taa zinazima na hakuna mtu anayekudai. Bando la intaneti likikata, limekata. King'amuzi usipokilipia, picha inaondoka, na siku utakapopata pesa unalipia tena na kuendelea kutazama mpira kama kawaida. Mazoea hayo yametufundisha kwamba kuacha kulipa ndiko kuacha huduma. Mtu aliyekulia kwenye vifurushi akikutana na mkataba wa aina hii, anaupokea kwa akili ya kifurushi. Mkataba wenyewe, lakini, unafanana zaidi na kupanga nyumba kwa mwaka mzima halafu mwenye nyumba akakukubalia ulipe kodi mwezi kwa mwezi. Ukihama mwezi wa nne, miezi minane iliyobaki ina mwenyewe.

Nimemchagua Adobe kwa sababu ndiye anayejulikana zaidi katika jambo hili, na masharti yake yameandikwa wazi kiasi cha mtu yeyote kuyapigia hesabu. Kampuni hiyo ilianza kutoa huduma ya Creative Cloud mwaka 2012, na mwaka 2013 ikatangaza kwamba haitatengeneza tena matoleo mapya ya Creative Suite, yale yaliyokuwa yakinunuliwa mara moja na kubaki ya mnunuzi. Tangu hapo anayetaka Photoshop mpya, Illustrator, InDesign au Premiere Pro kwa njia halali hukodi. Kwa wabunifu wa grafiki, wapiga picha, wahariri wa video na wachapaji wa kadi za harusi, kukodi huko kumekuwa sehemu ya gharama za kazi kama ilivyo wino na karatasi.

Sharti lenyewe ni fupi. Ukighairi ndani ya siku 14 tangu uliponunua kwa mara ya kwanza, unarudishiwa pesa yako yote. Siku hizo zikipita, ukighairi mpango wa mwaka unaolipwa kwa mwezi, unatozwa nusu ya pesa yote ambayo ingelipwa katika miezi iliyobaki, na inakatwa kwa mkupuo mmoja. Huduma inaendelea hadi mwisho wa mwezi uliokwisha kuulipia, kisha inafungwa. Tozo hiyo ndiyo ada ya kuvunja mkataba kabla ya wakati.

Tuiweke kwenye hesabu ya mtu mmoja. Tumchukue kijana mwenye kibanda cha kuchapa kadi za michango, fulana na mabango. Amenunua Photoshop peke yake tarehe 10 Machi kwa mpango wa mwaka. Nitatumia bei ya Marekani ya dola 22.99 kwa mwezi, bila kodi. Ukurasa wako unaweza kukuonyesha bei tofauti, ila mwenendo wa hesabu haubadiliki. Amekatwa Machi, Aprili, Mei na Juni. Tarehe 2 Julai kazi zimepungua, anaamua kuacha. Miezi aliyokwisha kuilipia ni minne, iliyobaki ni minane. Mara nane dola 22.99 ni dola 183.92. Nusu yake ni dola 91.96. Hiyo ndiyo itakayotolewa kwenye kadi yake siku atakapothibitisha kwamba anaondoka, na programu itamfanyia kazi kwa siku chache tu zilizobaki hadi tarehe 10 Julai.

Tazama kilichotokea. Katika miezi minne ya kazi alilipa dola 91.96. Kuondoka kumemgharimu dola 91.96 nyingine. Kwa jumla miezi hiyo minne imemgharimu dola 183.92, yaani kila mwezi aliotumia umemgharimu mara mbili ya bei aliyoiona siku ya kwanza. Kama tangu mwanzo angechukua mpango wa "Monthly", ambao kwa bei hizo hizo za Marekani ni dola 34.49 kwa mwezi, miezi minne ingemgharimu dola 137.96 na angeondoka bila kudaiwa senti. Mpango ulioonekana ghali ungemwokolea karibu dola 46.

Hapa pana jambo ambalo ningetamani kila mbunifu alijue kabla ya kuchagua. Mpango wa mwezi mmoja mmoja unauzwa kwa bei ya mara moja na nusu ya ule wa mwaka, na adhabu ya kuvunja mwaka ni nusu ya kilichobaki. Namba hizo mbili zinakutana mahali pamoja: mwezi wa sita. Aliyetumia miezi sita kwa mpango wa mwaka kisha akavunja atakuwa amelipa jumla ya dola 206.91, pamoja na adhabu. Aliyetumia miezi sita kwa mpango wa mwezi atakuwa amelipa dola 206.94. Ni sawasawa. Chini ya miezi sita, mpango wa mwezi ni nafuu. Ukivuka miezi sita, mpango wa mwaka ni nafuu hata ukiuvunja: aliyeacha baada ya miezi tisa amelipa kama dola 241.40 adhabu ikiwemo, ilhali kwa mwezi mmoja mmoja zingemtoka dola 310.41.

Kwa hiyo swali la kujiuliza siku ya kununua si ipi ndogo kati ya bei mbili. Jiulize kazi hii itahitaji miezi mingapi. Msimu wa kampeni, kitabu kimoja cha kupanga kurasa, video za harusi za Desemba, mradi wa shirika wa miezi mitatu: zote hizo ni kazi za "Monthly", hata kama bei yake inakuuma unapoiangalia. Mwenye studio inayofanya kazi mwaka mzima achukue mwaka bila wasiwasi.

Nikirudi kwa kijana wetu, ambaye hakuyajua hayo na tayari yumo ndani. Atafanya nini? Wengi wanapoiona dola 91.96 kwenye skrini hufunga ukurasa. Wanasema afadhali niendelee tu, mwaka uishe. Ninaielewa hofu hiyo, kwa sababu dola 91.96 kwa mkupuo ni pesa ya kodi ya kibanda. Lakini kuendelea kukaa kunamaanisha kulipa miezi minane kamili, dola 183.92. Kama kweli programu haitumii tena, woga wa adhabu unamfanya alipe mara mbili ya adhabu yenyewe. Hii ni kweli kwa mwezi wowote utakaouchukua, maana adhabu daima ni nusu ya kilichobaki. Kama bado anaitumia mara moja moja kwa kazi zinazolipa, hesabu inabadilika: kila mwezi anaobaki unampunguzia adhabu kwa nusu ya bei, hivyo kwa kweli mwezi huo wa ziada unamgharimu nusu bei tu, kama dola 11.50. Kazi moja ya bango inaweza kuirudisha hiyo. Mtu aamue kwa kuangalia kazi alizonazo. Ukubwa wa namba nyekundu kwenye skrini usimwamulie.

Akishaamua kuondoka, njia yenyewe ni hii. Anaingia kwenye tovuti kwa anwani ya account.adobe.com/plans kwa barua pepe ile ile aliyonunulia. Hilo la barua pepe lisidharauliwe. Wapo wenye akaunti mbili, moja ya kazini na moja ya nyumbani, wanafungua isiyo na mpango wowote na kudhani wamekwisha kuondolewa, huku kadi ikiendelea kukatwa kupitia ile nyingine. Kwenye ukurasa huo anachagua "Manage plan", kisha "Cancel your plan". Anaulizwa sababu. Anachagua yoyote iliyo ya kweli na kuendelea. Ndipo zinakuja kurasa za kumshawishi: miezi kadhaa ya bure, bei iliyopunguzwa, au mpango mdogo zaidi. Kiwango cha adhabu huonyeshwa humo humo. Akikataa matoleo yote, kwa kitufe cha "No thanks", atafikishwa mahali pa kuthibitisha. Asiondoke hapo kabla ya kubonyeza thibitisho la mwisho. Mahali wanapokwama watu wengi ni hapa: wameshabonyeza mara nne tano, wamechoka, wanaona maandishi yanayofanana na kwaheri, wanafunga. Mpango unabaki hai.

Dalili kwamba umekwisha kweli ni mbili. Kwanza ni barua pepe ya kuthibitisha kughairi, inayotaja tarehe ambayo huduma itakoma. Pili, ukirudi kwenye ukurasa ule ule wa mipango, utaona mpango wako umeandikiwa tarehe ya kuisha. Zote mbili zipigwe picha ya skrini na kuhifadhiwa mahali ambapo si kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni ile ile unayoiaga.

Toleo la miezi ya bure linastahili kusomwa taratibu. Kwa mtu ambaye shida yake ni ukata wa mwezi mmoja au miwili, linaweza kuwa msaada halisi. Lakini halikufuti kwenye mkataba. Linakubakiza, na pengine linakupa masharti mapya yenye tarehe mpya. Kabla ya kukubali, angalia kama ukurasa unataja tarehe ya kuanza upya kwa mwaka.

Ipo pia njia ambayo watumiaji wengi wameisimulia kwa miaka kadhaa: badala ya kughairi, unahamia mpango mwingine ulio mdogo, na kwa kuwa uhamisho huo huhesabiwa kama ununuzi mpya, siku 14 za kurudishiwa pesa zinaanza upya, ndani yake unaghairi bila adhabu. Siwezi kumwahidi mtu kwamba itampitia. Ni kampuni inayoamua uhamisho uhesabiwe vipi, na inaweza kubadilisha wakati wowote. Anayetaka kuijaribu asome neno kwa neno ukurasa wa kuthibitisha uhamisho, kwa sababu usipotaja siku 14 mpya, atakuwa amejifunga mwaka mwingine kuanzia siku hiyo.

Kuongea na mhudumu kwa maandishi kupitia tovuti ni njia nyoofu zaidi. Eleza kwa sentensi mbili tatu: umeacha biashara, umeugua, hukuelewa kwamba ni mwaka. Omba waziwazi adhabu ifutwe au ipunguzwe. Wapo waliofutiwa na wapo waliokataliwa. Kabla hujafunga dirisha la mazungumzo, hifadhi maandishi yote, pamoja na namba ya shauri uliyopewa.

Sasa nije kwenye kosa ambalo huku kwetu ndilo linalotendeka zaidi, kwa sababu ya yale mazoea ya LUKU. Mtu haghairi kabisa. Anaacha tu kuweka pesa kwenye kadi. Kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia simu, kama ile ya M-Pesa GlobalPay iliyoanzishwa Kenya mwaka 2022 kwa ushirikiano wa Safaricom na Visa, zimerahisisha sana jambo hilo: pesa inaingizwa kwa kiasi unachotaka, na salio likiwa sifuri muuzaji hapati kitu. Mtu anahisi ameshinda. Kwa kweli kilichotokea ni kwamba malipo yameshindikana na mkataba umebaki pale pale. Mfumo hujaribu tena kukata siku zinazofuata, barua pepe za kukumbusha zinakuja, na ikiendelea hivyo huduma inafungwa. Siku utakapoweka pesa kwenye kadi ile kwa ajili ya kitu kingine kabisa, mathalani ada ya mtihani wa mtandaoni, makato yaliyokuwa yakisubiri yanaweza kuipitia kwanza. Mara ngapi mtu analalamika kwamba pesa imeyeyuka kwenye kadi asijue imekwenda wapi!

Kubadilisha kadi benki nako si kinga ya uhakika. Mitandao ya kadi ina utaratibu wa kuwapa wauzaji namba mpya pale benki inapotoa kadi nyingine badala ya iliyokwisha muda. Visa wanauita Account Updater. Si benki zote zimejiunga nao, lakini usijenge mpango wako juu ya kutojiunga kwao. Na kuifuta programu kwenye kompyuta hakubadilishi lolote kuhusu malipo. Mkataba haukai kwenye kompyuta yako, umo kwenye akaunti.

Kuna hali ambapo kitufe cha kughairi hakionekani. Sababu huwa za kawaida. Malipo yanaweza kuwa bado yanashughulikiwa, hivyo subiri siku moja ujaribu tena. Au mpango ulinunuliwa kupitia duka la programu la simu, yaani la Apple au la Google, na kule ndiko unakoghairiwa. Au uliuziwa na wakala. Au ni leseni ya ofisi au ya chuo, ambayo mwenye mamlaka nayo ni msimamizi aliyeisajili. Wanafunzi waangalie jambo moja zaidi: bei yao ya punguzo kwa kawaida ni ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili mpango hujiendeleza wenyewe kwa bei iliyo juu zaidi, na anayeshtuka baadaye anakuta amekwisha kuingia mwaka mpya.

Huko kujiendeleza wenyewe ndiko mtego mkubwa kuliko adhabu. Miezi 12 ikitimia, mkataba hauishi. Unaanza mwaka mwingine, wenye adhabu yake nyingine, inayoanzia tena kwenye kilele. Kijana wetu aliyenunua tarehe 10 Machi, akiamua kuvumilia mwaka mzima halafu akasahau hadi Aprili, amerudi mwanzo. Makato ya mwisho ya mwaka wake yanafanyika tarehe 10 Februari. Kati ya siku hiyo na tarehe 10 Machi hakuna mwezi uliobaki wa kutozwa nusu, na huo ndio mlango wa kutokea bila kulipia. Asisubiri tarehe 9 Machi usiku, intaneti ikamwangusha. Aingie katikati ya Februari, asome kwenye ukurasa kwamba adhabu ni sifuri, ndipo athibitishe.

Kabla ya kubonyeza, kuna kazi ya mkono inayopaswa kufanywa, na hii huumiza kuliko pesa mtu akiisahau. Faili zilizohifadhiwa kwenye kompyuta yako zinabaki zako. Zile zilizo kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Adobe zinaingia kwenye kipimo kidogo cha akaunti ya bure, na unapewa siku 30 za kupunguza vilivyozidi, la sivyo unaweza kupoteza baadhi au zote. Nyaraka za Photoshop zilizohifadhiwa mtandaoni zina umbo lake, kwa hiyo zishushe na kuzihifadhi kama PSD ya kawaida. Kwa InDesign, usiridhike na INDD. Fungua kila kazi muhimu na uihifadhi pia kama IDML, kwa sababu programu nyingine za kupanga kurasa, kama Affinity, husoma IDML lakini hushindwa kufungua INDD.

Halafu herufi. Mitindo ya herufi inayotoka kwenye Adobe Fonts ni sehemu ya ukodishaji. Mpango ukifungwa, inaondoka. Nembo ya mteja uliyoitengeneza kwa herufi hizo ikifunguliwa kwenye programu nyingine, maandishi yatageuka umbo, nafasi zitavurugika, na mteja atakuuliza nembo yake imefanywa nini. Kwa hiyo, wakati bado una programu, badilisha maandishi ya nembo yawe michoro, kisha hifadhi nakala ya PDF kando. Kwa PDF zilizokwisha kutengenezwa huku herufi zimefungiwa ndani hakuna tatizo, zitaendelea kuonekana na kuchapika vilevile.

Wapiga picha wanaotumia Lightroom Classic wana afadhali. Programu hiyo huendelea kufunguka baada ya mpango kuisha, picha zinaonekana, unaweza kuzipanga na kuzitoa nje. Kinachofungwa ni sehemu ya kuzihariri. Marekebisho uliyokwisha kuyafanya hayapotei, ila huwezi kuyagusa. Toa picha zako muhimu kama JPEG au TIFF kamili kabla ya siku ya mwisho, usibaki kutegemea programu ikuonyeshe kazi yako mwenyewe.

Masharti haya hayakupita kimya kimya huko yalikotoka. Tarehe 17 Juni 2024 serikali ya Marekani, kwa shauri lililopelekwa na tume yake ya biashara, FTC, ilifungua kesi dhidi ya Adobe na viongozi wake wawili katika mahakama ya shirikisho huko Kaskazini mwa California. Iliegemea sheria ya mwaka 2010 inayowalinda wanunuzi wa mtandaoni. Madai yalikuwa kwamba mpango wa mwaka uliwekwa mbele ya mteja kama chaguo la kawaida huku adhabu ikifichwa kwenye maandishi madogo na viungo ambavyo mtu asingevibonyeza, na kwamba aliyetaka kuondoka alipitishwa kurasa nyingi zisizo na ulazima, na aliyepiga simu alikatiwa au kuhamishwa kutoka mhudumu mmoja hadi mwingine. Adobe walikanusha, wakisema masharti yao yako wazi na njia ya kughairi ni rahisi.

FTC hiyo hiyo ilipitisha Oktoba 2024 kanuni ya kutaka kuondoka kuwe rahisi kama kujiunga. Julai 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta kabla haijaanza kutumika kikamilifu, kwa hoja kwamba tume iliruka hatua moja ya utaratibu. Ujerumani walikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Julai 2022, tovuti inayouza mikataba ya aina hii kwa wateja wa nchi hiyo hutakiwa kuwa na kitufe cha kughairi kinachoonekana. Msomaji wetu aliyeko Berlin au Hamburg akitumie. Hakimwondolei miezi aliyojifunga, lakini kinamwondolea kuzungushwa.

Msimamo wangu ni kwamba punguzo kwa anayejifunga mwaka ni biashara halali. Mwenye nyumba humpunguzia aliyelipa mwaka, na mwenye duka humpunguzia anayechukua jumla. Kisicho halali ni kuliandika neno "mwezi" kwa herufi kubwa na neno "mwaka" kwa ndogo. Adhabu ya dola 91.96 inapaswa kuonekana siku ya kununua kwa ukubwa ule ule wa bei ya dola 22.99, na kwa lugha ambayo mnunuzi wa Mbeya, Kisumu au Bukavu anaisoma bila kamusi. Tume zetu za ushindani na za kumlinda mlaji zinaweza kulidai hilo kwa kila anayetoza kodi ya ongezeko la thamani kwa wateja wa nchi zetu. Anayekusanya kodi yetu kwenye mauzo yake anaweza pia kuweka masharti yake kwa Kiswahili.

Wewe uliye na mpango huo sasa hivi, ingia kwenye akaunti yako leo, tafuta tarehe ambayo mwaka wako unatimia, kisha weka kikumbusho kwenye simu wiki tatu kabla yake.